Barua ya wazi kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kuhusu akiba ndogo na hisa zisizouzika

Kwa Mtendaji Mkuu na Bodi ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), Dar es Salaam. Nakala kwa Wizara ya Fedha, Dodoma.

Waheshimiwa,

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha uwekezaji cha watu 24 hapa Morogoro. Tupo walimu, wauguzi, mafundi cherehani wawili, mwenye duka la pembejeo, na wastaafu wachache ambao ndio walioanzisha kikundi. Sehemu kubwa ya fedha zetu iko kwenye vipande vya UTT AMIS na kwenye hatifungani za Serikali, na huko hatujapata usumbufu. Ninawaandikia kwa sababu ya shilingi milioni 30 tulizozipeleka kwingine mwaka 2018, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyepaelewa. Ninaandika pia kwa sababu kila nikikaa kwenye semina ya wawekezaji wadogo nasikia ombi lilelile: na sisi tufunguliwe mlango wa kampuni changa, mbona wenye fedha wanaingia? Ombi hilo nalikubali nusu. Nusu ninayoihofia ni namna mlango utakavyofunguliwa, na hiyo iko mikononi mwenu.

Nianze na maziwa yetu.

Kampuni ilikuwa changa, inakusanya maziwa kwa wafugaji, inayapoza na kuyasindika. Sitaitaja. Mmoja wa waanzilishi alikuja kwenye mkutano wetu na picha za matangi, mkataba wa gari, na orodha ya maduka yanayonunua. Alitupa asilimia 5 ya kampuni kwa milioni 30, maana yake kampuni nzima ilihesabiwa kuwa na thamani ya milioni 600. Kila mwanakikundi alitoa 1,250,000. Tulipata cheti cha hisa chenye muhuri, tukakifungia kwenye sanduku pamoja na karatasi za hatifungani, kana kwamba ni vitu vya aina moja.

Mwaka 2021 mwenzetu mmoja, muuguzi, alihitaji fedha yake. Mwanawe alikuwa amepata nafasi ya chuo na ada haisubiri. Ingekuwa vipande vya mfuko, angejaza fomu na kungoja siku chache. Hapa tulifungua katiba ya kampuni kwa mara ya kwanza na kukuta kwamba hisa haziwezi kuuzwa kwa mtu wa nje mpaka wenye hisa waliopo wapewe kwanza nafasi ya kuzinunua kwa siku 30, na baada ya hapo bodi iridhie mnunuzi. Wenye hisa waliopo hawakutaka. Tukamtafuta mnunuzi wa nje, mfanyabiashara wa Kihonda, naye akauliza maswali mawili ya mtu mwenye akili: hesabu zilizokaguliwa ziko wapi, na hii bei mmeipata wapi? Hesabu zilikuwa zimechelewa kwa miaka miwili. Bei tuliyoweza kuieleza hatukuwa nayo. Tulichokijua kwa hakika ni tulichotoa sisi mwaka 2018, na hiyo haikumwambia lolote kuhusu 2021.

Shughuli hiyo ilichukua miezi kumi na moja. Mwisho wake sisi wenyewe tulichangishana tukampa 500,000, tukagawana sehemu yake. Ninataka muone kwamba miezi yote hiyo kampuni ilikuwa hai. Maziwa yalikuwa yanakusanywa alfajiri, magari yalikuwa yanatembea, wafanyakazi walikuwa wanalipwa. Hakukuwa na wizi wala kufilisika. Mwenzetu alipoteza zaidi ya nusu ya fedha yake kwa sababu moja tu, kwamba alihitaji kutoka na mlango wa kutokea haukuwepo.

Watu wa fedha wanaiita hali hiyo ukosefu wa ukwasi. Ninyi mnaijua kuliko mimi, lakini wengi wanaoomba mlango ufunguliwe hawajui kwamba hali hiyo imejengwa ndani ya sheria yenyewe. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002 inaielezea kampuni binafsi kwa mambo matatu: inazuia uhamishaji wa hisa zake, haizidishi wanachama 50, na hairuhusiwi kualika umma kununua hisa. Kwa hiyo anayesema "nimenunua hisa za kampuni binafsi, nitaziuza nikipata shida" anasema jambo ambalo kampuni hiyo iliandikishwa ili lisifanyike kirahisi. Hata kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambako kuna mawakala, bei inayotangazwa na hesabu zinazochapishwa, zipo hisa zinazopitisha siku nyingi bila mtu kuzinunua. Sasa ondoa wakala, ondoa bei, ondoa hesabu, uone kinachobaki.

Baadaye nilijifunza kwamba wakubwa wa kazi hii hawaendi kama tulivyokwenda sisi. Wanakwenda kwa mfuko, na mfuko huo umetengenezwa kwa kukubali tangu mwanzo kwamba fedha haitatoka.

Wapo wa aina mbili. Mfuko wa mitaji ya ubia unanunua sehemu ndogo ya kampuni changa nyingi, na fedha inaingia kwenye sanduku la kampuni ili ikue. Mfuko wa mitaji binafsi kwa kawaida unanunua sehemu kubwa au kampuni nzima ambayo tayari ina biashara, mara nyingine kwa kuongeza mkopo, unabadilisha uongozi na mfumo, kisha unaiuza baada ya miaka kadhaa. Mfano wa aina ya pili uko jirani. Migahawa ya Java House ilianza Nairobi mwaka 1999. Mwaka 2012 kampuni ya mitaji ya Emerging Capital Partners ilinunua sehemu kubwa, na mwaka 2017 ikaiuzia Abraaj ya Dubai. Mwaka uliofuata Abraaj yenyewe iliporomoka, na mwaka 2019 mifuko yake ya Afrika ikachukuliwa na Actis ya London. Kati ya 2012 na 2019 kampuni hiyo ilibadilisha mikono mara tatu, na mnywaji wa kahawa wa Nairobi hakupata hata mara moja nafasi ya kununua hisa yake sokoni. Na wale waliokuwa wameweka fedha Abraaj, taasisi kubwa zenye wanasheria wao, hawakuweza kutoka siku habari mbaya zilipovuja. Walikaa wakasubiri meneja mwingine apatikane. Ikiwa wao walisubiri, muuguzi wetu angefanya nini?

Mwenye fedha anayeingia kwenye mfuko kama huo hatoi fedha yote siku ya kwanza. Anaahidi kiasi, kisha meneja anaita sehemu ya ahadi kila anapopata kampuni ya kununua, mara nyingi kwa taarifa ya siku zisizozidi kumi hivi. Miaka mitano ya mwanzo ni ya kununua, mitano inayofuata ni ya kuuza, na mkataba huruhusu kuongeza mwaka mmoja au miwili. Asiyeitika anapoitwa anaweza kunyang'anywa sehemu ya alichokwisha kutoa. Meneja kwa desturi anachukua asilimia 2 ya fedha zilizoahidiwa kila mwaka, na asilimia 20 ya faida ikiwa wenye fedha wamepata kwanza fungu fulani, ambalo mara nyingi ni asilimia 8 kwa mwaka.

Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu. Chukua mfuko wa shilingi bilioni 50. Asilimia 2 kwa miaka kumi, bila kupunguzwa njiani, ni bilioni 10. Zinabaki bilioni 40 za kununulia kampuni. Zikikua zikafika bilioni 120, faida juu ya zile 50 ni 70, meneja anachukua 14, wenye fedha wanapata 106. Wamepata mara mbili na kidogo ya walichotoa, na hayo ni matokeo mazuri. Lakini zile 40 zikifika 60 tu, meneja hapati fungu la faida, na wenye fedha wanapokea 60 kwa 50 waliyotoa, baada ya miaka kumi. Mama aliyeweka fedha kwenye hatifungani ya Serikali ya miaka 20 atakuwa amewapita mbali, huku akipokea riba yake kila miezi sita na akiwa na uwezo wa kuiuza njiani.

Matokeo yapi kati ya hayo mawili yatakuja, hakuna ajuaye mapema. Kampuni changa haziendi kwa wastani. Katika kumi, kadhaa zinakufa, kadhaa zinarudisha fedha ileile au pungufu, na moja au mbili ndizo zinazobeba mfuko mzima. Zinazokufa hufa mapema na zinazokua hukua polepole, ndiyo maana miaka ya mwanzo taarifa za mfuko huonyesha hasara tupu. Mwenye kampuni moja, kama sisi na maziwa yetu, hana hizo tisa nyingine.

Sasa nirudi kwenye maziwa, kwa sababu somo kubwa zaidi tulilipata baadaye.

Mwaka 2020 mfuko mmoja wa mitaji uliingia kwenye kampuni yetu na shilingi milioni 800. Walikubaliana kwamba kabla ya fedha hiyo kampuni ina thamani ya bilioni 1.2, kwa hiyo baada yake ni bilioni 2, na mfuko ukachukua asilimia 40. Sisi tulishuka kutoka asilimia 5 hadi 3, jambo la kawaida hisa mpya zikitolewa. Lakini asilimia 3 ya bilioni 2 ni milioni 60. Tulisherehekea. Niliandika kwenye daftari la kikundi: thamani, milioni 60. Mimi mwenyewe niliiandika kwa kalamu ya wino, na kwenye mkutano mkuu nikawasomea wenzangu kwamba fedha yetu imekua mara mbili kwa miaka miwili. Ndiyo maana mwenzetu alipotaka kutoka mwaka uliofuata, mnunuzi wa Kihonda alipouliza bei, wengine walitaka kumwambia bei hiyo. Niliwazuia kwa sababu sikuweza kuieleza, nami nikaanza kuitilia shaka.

Shaka ilikuwa ya haki. Hisa za mfuko hazikuwa kama zetu. Zilikuwa hisa za upendeleo, zenye sharti kwamba kampuni ikiuzwa, mfuko unaweza kuchagua kurudishiwa kwanza milioni 800 zake zote kabla ya mwingine yeyote kupata senti, au kuchukua asilimia 40 yake, lolote lililo kubwa. Mwaka 2023 kampuni iliuzwa kwa msindikaji mkubwa kwa milioni 900. Asilimia 40 ya 900 ni 360, kwa hiyo mfuko ulichagua 800. Zilibaki milioni 100 kwa sisi wengine wote, tuliokuwa na asilimia 60 kwa pamoja. Tatu katika sitini ni sehemu moja ya ishirini. Tulipata milioni 5. Ukigawa kwa 24 ni kama 208,000 kwa kila aliyetoa 1,250,000, na yule muuguzi tuliyedhani tumemdhulumu kwa kumpa 500,000 ndiye aliyetoka salama kuliko sote.

Mfuko haukutudhulumu. Sharti lile ni la kawaida katika kazi hiyo, na lilikuwa limeandikwa kwenye mkataba wa wenye hisa ambao tulitumiwa na hatukuusoma. Ninachotaka kuwaonyesha ni ile milioni 60. Ilitokana na bei iliyolipwa na mtu mwingine, kwa hisa nyingine zenye kinga ambayo zetu hazikuwa nayo. Hakuna aliyewahi kuahidi kuzinunua zetu kwa bei hiyo. Hata hivyo ndiyo thamani inayoandikwa kwenye magazeti kila kampuni changa inapopata mtaji, na ndiyo thamani ambayo mfuko wowote unaoshika hisa kama hizo ungependa kuitangaza.

Kwa sababu hizi sipingi kwamba mlango umefungwa. Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 inasema anayetaka fedha za umma aandike waraka wa matarajio, mwupitishe ninyi, na aeleze hesabu na hatari zake. Mifuko inakwepa gharama hiyo kwa kuwaendea watu wachache wenye fedha nyingi. Marekani wameweka mpaka kwa namba: mtu mwenye kipato cha dola 200,000 kwa mwaka, au mali ya dola milioni moja bila kuhesabu nyumba anayoishi, anahesabiwa kwamba anaweza kujilinda. Mpaka huo una kasoro, kwa maana aliyerithi shamba si lazima ajue kusoma mkataba wa hisa za upendeleo, na mwaka 2020 wenyewe waliliona hilo wakaongeza watu wenye leseni fulani za kazi ya uwekezaji hata kama si matajiri. Lakini nia yake ni ya kweli: anayeingia awe mtu ambaye fedha hiyo ikikaa miaka kumi, au ikipotea yote, hatamtoa mtoto shuleni.

Hofu yangu ni njia ya tatu, ambayo inavutia kwa sababu inaonekana ya huruma. Ni kuzichukua hisa hizi zisizouzika na kuzitia ndani ya mfuko wa vipande wa kawaida, ule ambao mtu anaingia na kutoka siku yoyote, kisha kumwambia mkulima na mwalimu kwamba sasa na wao wamo. Jambo hili limekwisha jaribiwa, na tunajua lilivyoisha.

Uingereza alikuwepo meneja mashuhuri, Neil Woodford. Mwaka 2014 alianzisha mfuko wake wa hisa, na kufika 2017 ulikuwa na zaidi ya pauni bilioni 10. Ulikuwa mfuko wa watu wa kawaida, na mtu aliweza kutoa fedha siku yoyote ya kazi. Kanuni ziliruhusu asilimia 10 tu ya mfuko wa namna hiyo iwe kwenye hisa zisizoorodheshwa. Woodford alizipenda kampuni changa za sayansi na dawa, akazinunua nyingi, pamoja na kampuni ndogo zilizoorodheshwa ambazo nazo hazikuwa na wanunuzi.

Kisha matokeo yakawa mabaya na watu wakaanza kutoka. Anayetoka lazima alipwe, na meneja anauza kile kinachouzika: hisa kubwa ambazo zina mnunuzi siku hiyohiyo. Zisizouzika zinabaki. Kwa hiyo kila anayetoka anawaachia wanaobaki mfuko mdogo zaidi wenye mzigo mzito zaidi, na asilimia ya hisa zisizoorodheshwa inapanda bila meneja kununua hata moja. Mwaka 2018 mfuko ulivuka ile asilimia 10 mara mbili. Baadhi ya hisa hizo zikaandikishwa kwenye soko dogo la kisiwa cha Guernsey, ambako karibu hakuna aliyezinunua, ili kwenye hesabu zionekane zimeorodheshwa. Kanuni ilitimizwa kwenye karatasi, na uwezo wa kuuza haukuongezeka hata kidogo.

Mwanzoni mwa Juni 2019 Halmashauri ya Kaunti ya Kent, iliyokuwa imeweka humo fedha za pensheni za wafanyakazi wake, iliomba kutoa zote, kama pauni milioni 263. Tarehe 3 Juni mfuko ulifungwa. Ulikuwa umebaki na pauni bilioni 3.7 hivi. Mamlaka ya Maadili ya Fedha ya huko baadaye ilieleza kwamba siku mfuko unafungwa ni asilimia 8 tu ya mali zake zilizoweza kuuzwa ndani ya siku saba, ilhali wateja walitakiwa kupata fedha zao ndani ya siku nne. Watu zaidi ya 300,000 walikwama. Oktoba mwaka huohuo ikatangazwa kwamba hautafunguliwa tena. Malipo ya kwanza yalitoka Januari 2020, na mpango wa fidia ya hadi pauni milioni 230 kutoka kwa kampuni iliyopewa jukumu la kuusimamia mfuko ulipata idhini ya mahakama mwaka 2024 tu.

Ninaomba mzingatie ni nani aliyeumia zaidi. Waliotoka mapema walilipwa kwa bei iliyotangazwa, bei iliyojengwa kwa sehemu juu ya thamani kama ile ya milioni 60 niliyoiandika kwenye daftari langu. Tofauti kati ya bei hiyo na ukweli ililipwa na waliobaki. Na wanaobaki siku zote ni wale wasiofuatilia kila siku, wale walioambiwa watulie kwa sababu ni uwekezaji wa muda mrefu. Wakati huo kampuni kubwa ya mawakala wa huko ilikuwa bado imeuweka mfuko huo kwenye orodha ya mifuko inayoipendekeza.

Kuna kitu cha pili katika kisa hichohicho ambacho kinanipa matumaini. Woodford alikuwa na chombo kingine, kampuni ya uwekezaji ya aina inayoitwa iliyofungwa, iliyokusanya pauni milioni 800 mwaka 2015 na kuorodheshwa kwenye Soko la Hisa la London. Nayo ilijaa kampuni changa, tena kwa wingi zaidi, na baadhi zilikuwa zilezile. Lakini katika chombo hicho hakuna kutoa fedha. Anayetaka kutoka anamuuzia mwingine hisa yake sokoni. Mambo yalipoharibika bei ilianguka hadi chini ya nusu ya ile ya kuanzia, na watu walipata hasara kubwa. Hata hivyo hakuna aliyefungiwa mlango, meneja hakulazimika kuuza kampuni kwa bei ya kutupa ili kumlipa anayeondoka, na aliyebaki hakubebeshwa deni la aliyetoka. Uongozi ulihamishiwa kampuni nyingine na chombo kikaendelea. Meneja alikuwa mmoja na kampuni zilifanana. Kilichotofautiana ni ahadi iliyotolewa kwa mwenye akiba.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hili: mfuko wowote wa vipande unaoahidi kumlipa mtu ndani ya siku chache usiruhusiwe kushika hisa za kampuni binafsi, hata kwa asilimia ndogo, na kipimo kisiwe kama hisa imeandikishwa mahali fulani. Meneja atakiwe kuwaonyesha kila mwezi ni sehemu gani ya mfuko ingeweza kuuzwa ndani ya siku saba kwa kuangalia mauzo halisi ya miezi iliyopita, na sehemu hiyo ikishuka chini ya kiwango mtakachoweka, mauzo ya vipande vipya yasimame mpaka irudi.

La pili, wanaotaka kweli kutupeleka kwenye kampuni changa watumie kampuni ya uwekezaji iliyofungwa, iliyoorodheshwa Dar es Salaam, ambayo mtu wa 50,000 anaweza kununua hisa zake kwa wakala wa kawaida na kuziuza kwa mwenzake. Najua bei yake sokoni mara nyingi itakuwa chini ya thamani inayotangazwa kwenye vitabu vyake. Watu wataiona kama kasoro. Mimi naiona kama taarifa ya kweli, kwa sababu hiyo ndiyo bei ambayo muuguzi wetu aliitafuta kwa miezi kumi na moja.

La tatu ni kuhusu taarifa, na hapa ninazungumza kama mtu aliyejidanganya mwenyewe. Kila thamani ya kampuni isiyoorodheshwa inayotangazwa kwa umma iambatane na mambo manne, kwa Kiswahili na kwenye ukurasa wa kwanza: bei hiyo ililipwa lini mara ya mwisho, ililipwa kwa hisa za aina gani, kuna kiasi gani cha fedha kinachotangulia kulipwa kampuni ikiuzwa, na ada zote za meneja kwa shilingi na si kwa asilimia peke yake. Kama mwaka 2020 ningelazimika kuandika "milioni 60, lakini milioni 800 zinatangulia mbele yetu", hata fundi cherehani wetu angejua kwamba kampuni isipouzwa kwa zaidi ya milioni 800 hatupati kitu.

La mwisho ni kuhusu pensheni. Kenya tangu miaka kumi hivi iliyopita inaruhusu mifuko yake ya pensheni kuweka hadi asilimia 10 kwenye mitaji binafsi na ya ubia. Ninaona busara katika njia hiyo. Fedha ya kijana wa miaka 27 haitahitajika kabla ya miaka thelathini, mfuko unaweza kuitika unapoitwa, unaweza kuwa kwenye kampuni nyingi kwa pamoja, na una watu wa kusoma mkataba ambao sisi hatukuusoma. Mwalimu wa Morogoro akiingia kwa njia hiyo ameingia kweli, bila kuahidiwa kwamba atatoka Jumatatu. Ninaomba Wizara ikae na wasimamizi wa mifuko yetu walitazame jambo hilo waziwazi, na mapatano ya ada yachapishwe ili wanachama wayaone.

Jalada letu lote lipo: cheti cha hisa, katiba ya kampuni, mkataba wa wenye hisa wa 2020, barua za bodi kuhusu ombi la mwenzetu, na mchanganuo wa malipo ya 2023. Wenzangu wameridhia nililete ofisini kwenu, majina ya kampuni na ya wahusika yakiwa yamefunikwa, ili maofisa wenu walitumie kama mfano katika kuandika kanuni au kufundishia vikundi vingine. Nikipangiwa siku, nitapanda basi la asubuhi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mweka hazina wa kikundi,
Morogoro